Umepewa au umelipwa: useme wapi, na kwa neno gani?

Mwaka juzi nilipewa blenda. Kampuni haikunilipa hata shilingi, iliniomba tu nikiipenda niiseme. Niliipenda, nikaisema: video ya dakika moja, nasaga karanga, nasaga embe na barafu, na chini yake nikaandika, "Asanteni sana kwa zawadi hii nzuri," nikaitaja kampuni kwa jina lake. Nikalala nikijua nimesema ukweli wote. Baada ya miezi mitatu mama mdogo akanipigia simu kutoka Morogoro. Blenda kama ile, aliyoinunua kwa sababu yangu, ilikuwa imeungua mota.

"Yako wewe bado nzima?"

"Nzima, mama mdogo. Ila mimi siitumii kila siku."

"Si ulisema umenunua?"

"Sikusema nimenunua."

"Hukusema hukununua."

Kumbe video aliiona kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Binamu yetu aliipakua TikTok akairusha huko, na maelezo niliyoandika chini yalibaki TikTok. Kilichomfikia Morogoro ni mimi, blenda na tabasamu.

Tangu siku hiyo nimejaribu njia zote za kueleza kwamba kitu ninachokisifu nimepewa au nimelipwa, na kila ninapopata dili nachagua upya. Ulinganisho huu ni kwa anayefanya kazi kama yangu: una wafuasi wako, kampuni zimeanza kukutafuta, na wanaokutazama bado wananunua kwa neno lako.

Njia nne, na kinachobaki video ikisafiri

Mahali pa kusema ni pane tu. Kuna lebo ya jukwaa lenyewe, ile unayoiwasha kabla ya kupandisha video. Kuna maelezo ya chini, pamoja na hashitegi zake. Kuna maandishi unayoyabandika ndani ya picha. Na kuna mdomo wako. Wengi wetu huchagua kwa kuangalia ipi haitaharibu muonekano wa video. Mimi sasa naangalia nani ataiona, maana video za kwetu hazitulii kwenye akaunti. Zinapakuliwa, zinarushwa, zinakatwa vipande kwenye stetasi.

| Njia | Aliye kwenye akaunti yako | Anayetazama bila sauti | Aliyerushiwa WhatsApp |
|---|---|---|---|
| Lebo ya jukwaa | anaiona akiwa makini | anaiona akiwa makini | haioni |
| Maelezo na hashitegi | mstari wa kwanza tu | mstari wa kwanza tu | haoni |
| Maandishi ndani ya video | anayaona | anayaona | anayaona |
| Kauli ya mdomo | anaisikia | haisikii | anaisikia |

Ukitazama safu ya mwisho utaelewa kwa nini siku hizi njia mbili za juu nazihesabu kama nyongeza.

Lebo ya jukwaa

Lebo si kitu cha kudharau. TikTok ina swichi ya kutangaza maudhui ya biashara kwenye mipangilio ya video kabla hujaipandisha. Ukichagua kwamba unatangaza bidhaa ya mtu mwingine, video inatoka na maneno "Paid partnership". Instagram nayo ina lebo ya jina hilohilo, na unaweza kumtaja mshirika wako humo. YouTube ina kisanduku cha kutia alama, na ukikitia, mtazamaji anaoneshwa ujumbe kwa sekunde 10 za mwanzo kwamba video ina matangazo ya kulipiwa. Kanuni za majukwaa haya zinakutaka uitumie, na si kwa fedha taslimu tu: kitu ulichopewa ili ukiongelee nacho kinahesabika. Usipoiwasha, video inaweza kuondolewa, na kampuni itakudai kazi ambayo haipo tena.

Hofu kubwa ninayoisikia kwa wenzangu ni kwamba lebo inaua video. TikTok yenyewe inasema kuiwasha hakupunguzi usambazaji. Kinachobadilika na kuonekana kabisa ni muziki: video ya kibiashara inatakiwa itumie sauti zilizoruhusiwa kwa biashara, kwa hiyo ule wimbo unaovuma wiki hii huupati. Nadhani watu wengi wanaolaumu lebo wanalilia wimbo.

Udhaifu wake ni mwingine. Kwanza, iko kwa maneno ya programu na mara nyingi kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, mahali ambapo jicho limezoea kuruka. Pili, haisemi ulipata nini. Aliyepewa chupa ya mafuta ya nywele na aliyelipwa milioni mbili wanabeba lebo moja. Tatu ni hilo la Morogoro: lebo ni ya jukwaa, haimo ndani ya video, hivyo ikipakuliwa haiendi nayo. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, kwenye mwongozo wake kwa watu wa mitandaoni wa Novemba 2019, iliandika wazi kwamba mtu asidhani kifaa cha jukwaa kinatosha; akitumie, aongezee na maneno yake mwenyewe.

Maelezo ya chini: hapa ndipo wengi huzama

Maelezo ya chini yana kosa moja la kimaumbile: simu huonesha mstari mmoja au miwili, kisha inaficha yaliyobaki hadi mtu aguse. Kesi mbili za Marekani zinaonesha hili vizuri kuliko maneno yangu.

Mwaka 2014 Warner Bros. iliwalipa watu maarufu wa YouTube, akiwemo PewDiePie, wacheze mchezo wake wa Shadow of Mordor na kuusifu. Malipo yalikuwa kuanzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu. Kampuni haikuwaambia wafiche. Iliwaambia taarifa ya udhamini waiweke kwenye kisanduku cha maelezo chini ya video. Pale ilikaa chini ya sehemu inayoonekana, na asiyegusa "Show more" hakuiona. FTC ilipoifikia kesi hiyo mwaka 2016 ilishikilia hapohapo: kilichoandikwa mahali pasipoonekana ni sawa na kisichoandikwa. Wengine, kwa nyongeza, waliandika tu kwamba wamepewa mchezo mapema, wakaacha kusema wamelipwa.

Kesi ya pili ni ya chai. Teami, kampuni ya Florida iliyouza chai za kupunguza uzito, iliwalipa mastaa wa Instagram. Safari hii kampuni ilikuwa na sera yake ya kuwataka wajitangaze kuwa wamelipwa, lakini posti nyingi zilikuwa na taarifa hiyo mbali, baada ya sifa zote, nyuma ya neno "more". Machi 2020 FTC iliishtaki kampuni, kwa hilo na kwa madai ya kiafya yasiyo na ushahidi, na ikawaandikia mastaa 10 barua za onyo, Cardi B akiwa mmoja wao. Teami ililipa dola milioni 1.

Kwa hiyo ukitumia maelezo ya chini, taarifa iwe maneno ya kwanza kabisa, kabla ya salamu. Hashitegi iliyosimama ya tisa kati ya #mapishi, #jikoni na #darsalaam haifanyi kazi yoyote. Nimejaribu kwa mpwa wangu wa miaka 19, ambaye kuishi kwake ni simu. Nilimpa posti yangu ya zamani yenye #ad katikati ya msururu, nikamuuliza kama nililipwa. Akasema hapana. Nikamuonesha. Akasema alidhani ni kifupi cha jina.

Maandishi ndani ya picha dhidi ya mdomo

Hizi mbili ndizo zinazosafiri, na kama muda wako unaruhusu moja tu, jiulize wafuasi wako wanatazamia wapi. Wa kwangu wengi ni akina mama na wafanyakazi wanaotazama kwenye daladala au kazini, sauti ikiwa imezimwa. Kwao maandishi ndiyo sauti. Lakini mwenye kipindi kirefu cha maongezi, ambacho watu hukiwasha wakifua au wakiosha vyombo, maandishi yake hayana mtazamaji. Yeye aseme kwa mdomo.

Maandishi yanaharibiwa na mambo madogo. Ukiyaweka chini kabisa ya fremu, TikTok inayafunika na maelezo yako na jina la wimbo. Ukiyasogeza sana kulia, yanaingia nyuma ya vitufe. Kuna maandishi meupe juu ya sufuria ya ugali, ambayo ni kama hayapo. Kuna yanayotokea kwa nusu sekunde, kama yule anayekulipa deni gizani. Kipimo changu: nayasoma kwa sauti, taratibu, mara mbili, na muda huo ndio yakae. Maneno sita hunichukua kama sekunde nne. Yanakaa juu, sehemu ya tatu ya kwanza ya picha, kwenye kibao cheusi chenye herufi nyeupe. Hayapendezi. Basi.

Mdomo una nguvu ambayo maandishi hayana: mtu anasikia sauti yako ileile inayosifu ikisema pia kwamba imelipwa. Udhaifu wake ni mwendo. Tunaposema jambo tusilolipenda tunaongeza kasi, na nimeshawahi kujisikiliza nikasikia "kampunimenidhaminividiohii" kama neno moja. Ukirekodi, isikilize sehemu hiyo peke yake.

Na mahali: mwanzoni, siyo mwisho. Watazamaji wengi hawafiki mwisho, na atakayeikata video aweke stetasi atakata pale jiko linapotoa moshi mtamu. Stori nazo hesabu kila moja kama video yake, maana mtu anaingia ya tatu bila kuona ya kwanza. Ukiwa laivu, rudia kila baada ya muda, kwa kuwa watu wanaingia na kutoka kama msibani.

Neno gani?

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi, kwa sababu miongozo ya Marekani na Uingereza inajadili maneno ya Kiingereza, na Kiswahili kina mitego yake.

"Zawadi" ndilo neno la hatari kuliko yote, na ndilo tunalolipenda. Kwetu zawadi haidai kitu. Ukisema umepata zawadi watu wanakupongeza, "Hongera dada, umependwa!", hakuna anayefikiri kwamba sifa zitakazofuata zina uhusiano na mzigo uliopokea. Isitoshe, "asante kwa zawadi" huweza kusikika kama mteja mwaminifu aliyekumbukwa na duka. Hivyo ndivyo mama mdogo angeielewa hata kama maelezo yangu yangemfikia.

"Kwa hisani ya" ni lugha ya televisheni. Masikio yameizoea mpaka imekuwa kama muziki wa taarifa ya habari. "Kwa udhamini wa" ina nafuu, kwa kuwa redio na mpira vimetufundisha kwamba mdhamini anatoa pesa, lakini mtu huweza kudhani amedhamini kipindi chako kwa jumla na blenda umejichagulia mwenyewe. "Kwa kushirikiana na", au "kolabo" kama vijana wanavyoandika, inasikika kama mmeimba wimbo pamoja. FTC nayo imeyakataa maneno ya Kiingereza ya jamii hiyo kwa sababu hayaelezi kitu. "Balozi" ni cheo. Mtu anaelewa una mkataba wa muda, na kwa anayefahamu ni taarifa nzuri, ila bibi yangu aliponisikia naitwa balozi aliuliza nchi gani.

"Tangazo" ningependa litoshe. Ni neno letu, halina aibu. Tatizo ni kwamba kwetu kuna tangazo la msiba, tangazo la kukatika maji, tangazo la mkutano wa kijiji. Neno peke yake halibebi pesa ndani yake. Ukisema "tangazo la kulipiwa" umeziba tundu hilo, na kwa maandishi ya ndani ya picha ndilo ninaloliona bora: maneno matatu, hayana njia ya kueleweka vibaya.

Kwa mdomo, hakuna kinachoshinda vitenzi vya kawaida. "Sijanunua." "Wamenipa." "Wamenilipa." Kila mmoja anajua maana yake kuanzia Kigoma hadi Mombasa, na mwenye miaka 70 anaelewa sawa na mwenye 17.

Na #ad? Kwa anayechapisha kwa Kiingereza, sawa. Kwa maudhui ya Kiswahili siiiti taarifa. Mwongozo uleule wa FTC unasema taarifa iwe kwa lugha ileile ya sifa zenyewe, na hiyo ni akili ya kawaida: huwezi kumsifia mtu kitu kwa Kiswahili halafu onyo ukampa kwa kifupi cha Kiingereza. Hata kwa wazungumzaji wa Kiingereza vifupi havifanyi kazi vizuri. Utafiti wa Nathaniel Evans na wenzake uliochapishwa 2017 ulilinganisha posti za Instagram zenye "SP", zenye "Sponsored" na zenye "Paid Ad". Iliyotaja malipo waziwazi ndiyo iliyowafanya watu watambue kwamba ni tangazo. Haki itendeke kwa upande wa pili pia: walioitambua na kuikumbuka taarifa hiyo walipunguza kuipenda bidhaa na hamu ya kuisambaza posti. Ukisema wazi kuna gharama. Anayekuambia hakuna gharama hajawahi kujaribu.

Kuna eneo moja ambalo hata kusema "nimelipwa" hakutoshi, nalo ni sarafu za kidijitali na uwekezaji. Mwaka 2021 Kim Kardashian aliweka Instagram posti ya tokeni za EthereumMax, na ilikuwa na #ad. Oktoba 2022, bila kukiri wala kukana, alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa tume ya dhamana ya Marekani, SEC, kwa sababu sheria ya huko kwa bidhaa za aina hiyo inataka utaje na kiasi, na hakutaja kwamba alipewa dola 250,000. Wanaoniletea dili za foreksi na sarafu nawakatalia mlangoni, kwa hiyo hapa sina uzoefu wa kulinganisha.

Umepewa na umelipwa si kitu kimoja

Tofauti anayoitaka mtazamaji ni mbili: ulipata nini, na nani aliamua utakachosema. Uingereza wanazitenganisha. Kwa mamlaka ya matangazo ya huko, ASA, posti ni tangazo kama kampuni ilikulipa, kwa fedha au kwa vitu, na pia ilikuwa na sauti juu ya maudhui. Ikikupa kitu na kukuacha, si kazi ya ASA, ila sheria ya kumlinda mnunuzi bado inakutaka useme umepewa. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 zinakataza kumpotosha mnunuzi. Kwa ninavyozijua, hazikuambii maneno gani utumie wala uyaweke wapi. Mswahili aliyeko Marekani, au aliyeko Dar ambaye wanunuzi wake wako Marekani, ajue kwamba FTC inahesabu sheria yao inamhusu.

Mimi nina sentensi nne na nachagua kati ya hizo. Kitu nilichopewa bila masharti: "Hii sijanunua, kampuni imenipa." Kitu cha kuazima nitakachorudisha: "Nimeazimwa kwa wiki mbili," na hii watu huipenda sana, sijui kwa nini. Niliyolipwa: "Wamenipa na wamenilipa." Na kuponi yenye jina langu: "Ukinunua kwa kuponi hii napata asilimia fulani," naitaja palepale kuponi inapotajwa, siyo dakika mbili kabla. Kama kampuni imeitazama video kabla sijaiweka, nasema hilo pia. Hilo la mwisho wengi hawalisemi, na sheria nyingi hazilidai kwa maneno hayo, lakini mama mdogo angetaka kulijua kuliko kiasi cha pesa.

Dili la presha kuka

Mfano wenyewe ni wa mwaka huu. Kampuni moja ilinitafuta kwa presha kuka ya umeme, lita 6, wati 1,000, bei yake dukani shilingi 260,000. Jiko nalibakiza, nalipwa 350,000 kwa video moja na stori tatu, na kuponi yenye jina langu inayompunguzia mnunuzi asilimia 10 na kuniletea mimi 5. Wao waione video kabla haijatoka. Kwenye mkataba kulikuwa na kifungu kwamba maudhui "yaonekane ya asili", na kijana aliyenipigia alikifafanua: nisitaje malipo kwenye video, lebo itatosha.

Nilimuuliza kama ataniandikia hilo kwa barua pepe. Hakuandika. Tukajadiliana. Wao walitaka kauli iwe mwishoni, mimi mwanzoni, tulikutana hapa: sekunde tatu za kwanza ni mfuniko unafunguka na mvuke wa maharage unapanda, kisha mimi nasema, "Jiko hili sijanunua. Kampuni imenipa, na imenilipa kutengeneza video hii." Hiyo ilichukua sekunde tano. Juu yake, kwenye kibao cheusi, "Tangazo la kulipiwa", inabaki hadi sekunde ya 12. Lebo ya jukwaa imewashwa. Maneno ya kwanza ya maelezo ya chini ni hayohayo matatu. Kwenye kuponi narudia asilimia yangu 5. Kila stori ina kibao chake.

Jiko lilikuwa zuri. Maharage nusu kilo, ambayo sikuyaloweka, yaliiva kwa dakika 45 tangu presha ikolee, na Luku ilishuka chini ya nusu uniti. Ila siku ya tatu mvuke ulianza kupenya pembeni ya mfuniko, kwa sababu mpira haukukaa vizuri kwenye mfereji wake baada ya kuuosha, na mpira ule ulikuwa umeshika harufu ya pilau kiasi kwamba uji wa asubuhi ulinukia iliki na bizari. Nilipouulizia mpira wa akiba Kariakoo, maduka manne hawakuwa nao. Yote nikayaweka. Kampuni ilipoitazama video ilitaka sehemu hiyo itoke. Hapa ndipo ile kauli ya "wamenilipa" ilipogeuka kuwa na faida kwangu: niliwaambia mtu akishajua nimelipwa, halafu asisikie kasoro hata moja, hataamini yale ya Luku pia. Wakakubali mvuke ubaki, kwa sharti nioneshe namna ya kuukalisha mpira, jambo ambalo ni la haki. Stori mbili wakaziondoa, na malipo yakashuka hadi 250,000. Kwa hiyo ukweli wa mara hii ulinigharimu laki moja. Ingizeni hesabu hiyo kabla hamjataja bei yenu.

Kabla ya kuipandisha nilifanya jaribio langu la kila siku. Nampa mtu sekunde 10 za mwanzo bila sauti, namuuliza, "Hili jiko limetoka wapi?" Usimuulize kama ameona tangazo, utakuwa umemwambia jibu. Akisema umenunua, rudi ukahariri. Baada ya kuipandisha nasoma maoni. "Bei gani?" na "Linapatikana Mwanza?" hayaniambii kitu. Ninalolitafuta ni "Hongera kwa jiko jipya" au "Ulinunua wapi dada?" Kwenye video ya blenda maoni ya aina hiyo yalikuwa mengi na nilijibu kwa vikopa vya upendo. Kwenye hii yalikuwa mawili, yote kutoka kwa watu walioitazama ikiwa imekatwa kwenye stetasi ya mtu, kuanzia sekunde ya 20. Ndiyo maana safari ijayo kibao cha "Tangazo la kulipiwa" kitabaki juu muda wote, kidogo kwenye kona, hata kama mhariri wangu anasema kinafanana na bango la uchaguzi.

Mama mdogo naye ilimfikia, kwenye grupu lilelile la ukoo. Akanitumia sauti. Anasema amesikia kwamba nimelipwa, amesikia habari ya mpira, halinunui. Ila nikishamaliza kulijaribu anaomba langu, na kwa kuwa na mimi sikulinunua, hategemei nimtajie bei.